tTG imepanda? Usiache ngano kabla kinyama hakijachukuliwa

Karatasi ya maabara imerudi kutoka Dar es Salaam. Kwenye mstari ulioandikwa tTG-IgA pana namba 64, pembeni yake mshale unaoelekea juu, na mbele zaidi kiwango cha kawaida: chini ya 10. Mwenye karatasi ni mama wa miaka 32 anayeishi Ujiji. Mgonjwa huyu nimemtunga ili tuzifuate hesabu pamoja, lakini njia aliyopita hadi kufikia kipimo hiki ni ya kawaida kabisa. Alianza na uchovu na kizunguzungu. Damu ilikuwa gramu 8.9. Akapewa dawa za minyoo, kwa sababu huku kwetu safura ndiyo hushukiwa kwanza, na ni sawa ishukiwe kwanza. Akameza vidonge vya madini chuma kwa miezi mitatu bila kuruka, na damu ikapanda hadi 9.3 tu. Kwa kawaida mtu anayemeza chuma vizuri, na ambaye havuji damu popote, hupanda gramu moja hadi mbili ndani ya mwezi mmoja. Hapo ndipo daktari alipojiuliza kama chuma kinafika kwenye damu au kinapita tu tumboni, akaomba tTG, kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili unapigana na ngano.

Majibu yakasomwa, akaambiwa kuna dalili za ugonjwa wa siliaki, yaani mwili kupigana na gluteni ya ngano, na kwamba ataandikiwa rufaa ya kupigwa kamera ya tumbo na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta wa utumbo cha kuangaliwa maabara. Jioni ile ile jirani akampa ushauri unaosikika wa busara: “Dada, si wamekwambia shida ni ngano? Sasa unasubiri nini? Achana nayo leo leo.”

Jirani hana nia mbaya. Tatizo ni kwamba ushauri huo, ukifuatwa mapema, unaweza kukifuta kile kile ambacho rufaa inakwenda kukitafuta.

Namba 64 inasema nini

Sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo, ile inayopokea chakula kikitoka tumboni, inaitwa duodeni. Ukuta wake wa ndani si laini kama bomba. Umejaa vinyuzi vidogo vilivyosimama, kama taulo jipya, na vinyuzi hivyo vinaitwa vilai. Kazi yake ni kuongeza eneo la kufyonza chakula, na madini chuma hufyonzwa zaidi hapo hapo kwenye duodeni. Ndiyo maana siliaki kwa mtu mzima inaweza kujitokeza kama upungufu wa damu usiopona, bila kuhara wala kukonda.

Gluteni ni protini ya ngano, na nyingine za jamii hiyo zimo kwenye shayiri na rai. Haimeng’enywi yote, vipande vyake vingine hubaki. Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng’enya ambacho kifupi chake ndicho hicho tTG, nacho huvibadilisha kidogo vipande hivyo. Kwa mtu aliyezaliwa na vinasaba vinavyoitwa HLA-DQ2 au HLA-DQ8, vipande vilivyobadilishwa hushika vizuri kwenye chembe za kinga na kuziamsha. Kinga ikishaamka huwashambulia vilai mpaka wanakuwa wafupi au wanalala kabisa, na kwa njia hiyo hiyo mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya kimeng’enya chake wenyewe. Kwamba kimeng’enya hicho ndicho kinacholengwa kuligunduliwa mwaka 1997, na tangu hapo kipimo cha tTG-IgA kikawa cha kwanza kuombwa duniani kote.

Kwa hiyo kinachopimwa kwenye damu ni mwitikio wa mwili kwa gluteni inayoingia. Gluteni isipoingia, mwitikio hupungua. Mambo mengine yote yaliyomo kwenye makala hii yanatokana na hilo.

Namba yenyewe isomwe kwa kuilinganisha na kikomo cha maabara ile ile, maana kila seti ya kupimia ina uniti zake. Namba 64 yenye kikomo 10 ni mara 6.4 ya kikomo. Namba hiyo hiyo 64 kwenye seti yenye kikomo 20 ni mara tatu tu na ushee. Mwongozo wa Ulaya wa watoto wa mwaka 2020 unaruhusu kuthibitisha siliaki bila kinyama endapo tTG-IgA ni mara 10 ya kikomo au zaidi, na sampuli ya pili ya damu ikawa chanya kwa kipimo kingine kiitwacho EMA. Kwa watu wazima kinyama bado ndicho msingi, ingawa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 unakubali vipimo hivyo viwili vya damu kwa mtu mzima mwenye dalili asiyeweza au asiyetaka kupigwa kamera, kisha aitwe mwenye siliaki “inayoelekea kuwapo”. Mama yetu ni mtu mzima, na yuko mara 6.4. Anahitaji kinyama.

Je, 64 inaweza kudanganya? Inaweza, ingawa kadiri namba inavyopanda ndivyo udanganyifu unavyopungua. Kupanda kidogo, mara mbili au tatu ya kikomo, huonekana pia kwa baadhi ya wenye ugonjwa sugu wa ini, moyo uliochoka, kisukari cha aina ya kwanza au maambukizi yanayopita. Kuna na udanganyifu wa upande wa pili. Watu wachache hawatengenezi IgA, aina ya kingamwili inayopimwa hapa, ya kutosha, na kwao tTG-IgA hutoka ya kawaida hata wakiwa na siliaki kamili. Ndiyo sababu IgA ya jumla hupimwa sambamba. Ya mama huyu ilikuwa ya kawaida, na hata hivyo tTG yake imepanda, kwa hiyo upande huo hauna shida.

Akiacha ngano leo

Tuseme amemsikiliza jirani. Kuacha ngano Kigoma si kazi ngumu, na ugumu wa jambo hili uko hapo hapo. Ugali wa muhogo hauna gluteni. Ugali wa mahindi hauna. Wali, ndizi, viazi vitamu, maharage, migebuka na dagaa vyote havina. Anaondoa chapati ya asubuhi, anaweka muhogo wa kuchemsha, maisha yanaendelea. Mtu wa nchi inayoishi kwa mkate angehangaika na angesita kabla ya kuacha. Huku mtu anaacha bila hata kutambua kwamba ameanza matibabu.

Kingamwili zilizomo kwenye damu hushuka taratibu. Kwa makadirio hupungua nusu kila baada ya wiki sita hadi nane. Tuchukue wiki saba: kutoka 64 anafika 32, wiki saba nyingine 16, na baada ya miezi mitano hivi yuko 8, chini ya kikomo. Akipimwa upya siku hiyo, karatasi itasema hana kitu. Mwenye kuisoma bila kujua historia atadhani majibu ya kwanza yalikosewa.

Utumbo nao huanza kupona, na haufuati ratiba moja kwa watu wote. Kwa mtu mzima vilai wanaweza kuchukua mwaka, hata miwili na zaidi, kusimama sawasawa. Kwa hiyo si kweli kwamba ukiacha ngano wiki moja kinyama kinakuwa bure. Lakini uvimbe hupoa mapema zaidi, na hapo katikati ndipo panapoleta utata. Ukiacha miezi mitatu kisha ukachukuliwa kinyama, daktari wa patholojia anaweza kuona vilai waliosimama karibu sawa, ila kuna chembe nyeupe nyingi kuliko kawaida kwenye ngozi yake ya juu. Kwenye uainishaji uliopendekezwa na Marsh mwaka 1992 hiyo ni daraja la 1. Siliaki inayopona inaweza kuonekana hivyo. Bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, huleta picha hiyo hiyo. Vimelea vya giadia pia, na dawa za maumivu kama diklofenaki zinazonunuliwa dukani bila cheti nazo zimo kwenye orodha.

Kuna la ziada linalotuhusu sisi tunaoishi mazingira ya joto yenye maji yasiyo salama. Vilai kufupika kidogo huonekana hata kwa watu wasio na siliaki, kwa sababu ya maambukizi ya matumbo ya mara kwa mara. Kwa hiyo kwetu, kinyama chenye mabadiliko madogo hakina nguvu kinaposimama peke yake. Kinachokipa nguvu ni kukutana kwa mambo mawili kwa wakati mmoja: tTG iliyopanda na vilai waliolala, mgonjwa akiwa anakula ngano. Ukiacha mapema unazipunguza nguzo zote mbili kwa pamoja.

Kisha inakuja siku ya kamera, na daktari anauliza:

“Dada, ngano mara ya mwisho umekula lini?”

“Ah daktari, tangu Februari sijaigusa. Na kweli nimepata nafuu, tumbo halijai tena.”

Nafuu hiyo haithibitishi kitu. Ngano ina pia aina ya sukari inayochachuka tumboni, iitwayo fruktani, na watu wengi wenye tumbo jepesi hupata ahueni wakiipunguza ingawa hawana siliaki. Tofauti ya hao wawili ni kubwa kimaisha. Mwenye fruktani anaweza kula chapati moja Jumapili na kulipa kwa gesi tu. Mwenye siliaki anatakiwa asiguse maisha yake yote, hata kipande kidogo cha mkate kila siku kinatosha kuendeleza uharibifu, na akipuuza, damu haipandi na mifupa hupungua nguvu. Ukimpa mtu masharti ya maisha yote bila uthibitisho, baada ya mwaka mmoja ataanza kujiuliza kama ni kweli, harusini atakula sambusa, hataona kitu usiku ule, na ataamua kwamba ule ugonjwa haukuwapo.

Ale kiasi gani wakati anasubiri

Hapa napenda tuwe na hesabu, kwa sababu maneno “endelea kula kama kawaida” hayamsaidii mtu wa Kigoma ambaye kawaida yake ni ugali wa muhogo mchana na usiku. Kuna mtu ambaye hajaacha ngano ila ngano yake ni andazi moja kwa wiki. Huyo kipimoni hana tofauti kubwa na aliyeacha.

Kiwango kinachotumika kwenye miongozo ni kati ya gramu 3 na 10 za gluteni kwa siku, kwa wiki sita au zaidi kabla ya kipimo. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati kama 14 za ukubwa wa kawaida, kwa hiyo kila chapati ina unga wa gramu 70 hivi. Sehemu moja ya kumi ya unga huo ni protini, gramu 7, na nyingi ya protini hiyo ni gluteni. Chapati moja basi inabeba gluteni ya gramu 5 au zaidi kidogo. Andazi lenye unga wa gramu 35 lina nusu yake. Kipande kimoja cha mkate wa dukani kina gramu 2 hivi.

Kwa mama yetu hesabu inakwisha haraka: chapati moja kila asubuhi, au maandazi mawili, kila siku hadi siku ya kamera. Hahitaji kujilazimisha zaidi ya hapo. Akikosa vyote viwili, sahani ya tambi inatosha. Vitumbua na mkate wa kumimina visihesabiwe, hivyo ni vya mchele. Uji wa lishe ni wa kuuliza, maana wengine huchanganya ngano kwenye unga wake na wengine hawaweki, na hata ikiwamo huwezi kujua ni kiasi gani.

Tumbo likisumbua sana, ashushe kiasi badala ya kuacha. Afadhali andazi moja na kipande cha mkate kila siku kuliko chapati tatu leo na siku kumi za kupumzika. Wakati huo huo upungufu wa damu utibiwe bila kungoja. Chuma cha vidonge, cha dripu, hata kuongezewa damu ikilazimu, havifichi siliaki kwenye kinyama. Kinachoweza kuficha, mbali na kuacha ngano, ni dawa za kutuliza kinga kama prednisoloni. Anayetumia amwambie daktari, asiziache mwenyewe.

Wapo wasioambiwa waendelee. Mtu ambaye akila ngano huvimba midomo, hutoka vipele au hubanwa pumzi ndani ya dakika au saa chache, huyo ana mzio wa ngano, ugonjwa mwingine kabisa, na aache mara moja. Mgonjwa aliyedhoofika sana, anayehara hadi kuishiwa maji, au mtoto anayepungua uzito kwa kasi, uamuzi wake uko kwa daktari aliye naye, na mara nyingine kinyama huharakishwa badala ya kusubiriwa.

Rufaa yenyewe, iwe ni Bugando kule Mwanza au Muhimbili, ina gharama ya nauli na ya kulala, kwa hiyo barua iandikwe vizuri. Nisingependa iseme tu “upungufu wa damu, naomba kamera”. Aliye kwenye kamera akiona barua hiyo anatafuta kidonda, anapima H. pylori kwenye tumbo, na akiona duodeni inang’aa anatoka bila kuigusa. Duodeni yenye siliaki inaweza kuonekana safi kwa macho. Barua iseme: tTG-IgA 64, kikomo 10, IgA ya jumla kawaida, mgonjwa anakula ngano kila siku, naomba vinyama vya duodeni. Vinavyotakiwa ni angalau vinne kutoka sehemu ya pili ya duodeni, na kimoja au viwili kutoka sehemu ya kwanza, kwa sababu uharibifu huwa wa mabaka na kinyama kimoja kinaweza kuangukia baka lililo zima. Mgonjwa anaweza kuuliza kwa adabu kabla hajalala kitandani: “Daktari, mtachukua na vya duodeni?” Swali hilo halimkosei mtu heshima, na kurudi Kigoma bila vinyama ni hasara kubwa kuliko aibu ya kuuliza.

Aende amefunga kula kwa saa sita au nane, kama atakavyoelekezwa. Chapati ya jana yake haina tatizo. Na akitoka, asiache ngano njiani: majibu ya patholojia yanaweza kurudi yakisema sampuli hazikutosha, na hapo kipimo kinarudiwa. Asubiri karatasi mkononi.

Kama ameshaacha, la kwanza ni kutaja tarehe bila kuficha. Aliyeacha siku chache hadi wiki mbili arudie kula leo na amwulize daktari kama tarehe ya kamera ibaki ilivyo, na mara nyingi hubaki. Aliyeacha miezi kadhaa anaweza kuanza na kipimo cha vinasaba, HLA, pale kinapopatikana, kwa kuwa hicho hakijali umekula nini. Kikitoka hasi, bila DQ2 wala DQ8, siliaki karibu inafutwa na mtu anapumzika. Kikitoka chanya hakithibitishi, maana watu wengi wazima wa afya wanavyo vinasaba hivyo. Hapo linabaki zoezi la kurudisha ngano chini ya uangalizi. Kwa wengi walio na siliaki kweli, gramu 3 kwa siku kwa wiki mbili zilitosha kubadilisha kinyama katika utafiti uliofanywa mwaka 2013, lakini kingamwili zilichelewa na ziliendelea kupanda hata baada ya wiki hizo mbili. Kwa hiyo anayeweza kuvumilia asogeze hadi wiki sita au nane, na damu ikiwa bado safi baada ya wiki mbili asijitangazie kwamba amepona. Zoezi hili halifanywi kwa mjamzito, na kwa mtoto chini ya miaka mitano au aliye katika umri wa kubalehe huepukwa isipokuwa bingwa ameona lazima.

Kinyama cha mama yetu, tuseme, kimerudi na vilai waliolala. Sasa ngano inatoka jikoni kwake, tTG itapimwa tena baada ya miezi sita kuona inashuka, na damu itarudiwa mapema zaidi ya hapo. Wazazi wake, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wapimwe tTG pia, kwani karibu mmoja kati ya kumi wa ndugu wa karibu hivyo huwa nayo. Familia nzima ikiamua kumwunga mkono kwa kuacha chapati pamoja naye ni jambo jema, ila damu yao itolewe kwanza.